Miguu ya Mama Mkwe

Vitalis alisogeza pazia la kitanda cha pembeni, akamwona mgonjwa wake wa mtihani, na maneno yote ya Kiswahili aliyokuwa nayo yakamkauka mdomoni. Aliyelala pale, amefunikwa blanketi la kijivu na juu yake kitenge chake mwenyewe chenye maua ya njano, alikuwa Mama Gertruda wa Mbuji, mama yake Jacqueline, mchumba wake. Posa ilikuwa imepokelewa, harusi imepangwa baada ya mavuno ya kahawa. Tangu siku ile ya posa Vitalis hajakaa naye uso kwa uso hata mara moja. Wakikutana njiani yeye hupisha, huinamisha kichwa na kusalimia akitazama majani.

Kwa wenzake wa chuo cha uganga mambo kama hayo yalikuwa ya kuchekesha. Kwa Vitalis hayakuwa na kicheko. Mama mkwe hatazamwi ovyo, wala hashikwi, na miguu yake ndiyo kabisa haikufikirika.

Kanuni ya mtihani ilikuwa wazi: ukimjua mgonjwa, unamwambia mtahini, unapewa mwingine. Mtahini alikuwa Daktari Walburga, mama mnene wa miwani aliyetoka Songea asubuhi ile, amekaa upande wa pili wa pazia na karatasi zake. Vitalis alifungua mdomo amwambie. Lakini angesema nini? Kwamba huyu ni mkwe wangu, mbele ya wodi nzima na wauguzi wanaopenda habari? Aibu ikamziba. Akasema tu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama Gertruda, akageukia ukutani.

Basi akaanza kazi akiwa amesimama kando kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Maswali aliyauliza akitazama dirisha. Mama akajibu kwa sentensi fupi fupi, maana pumzi haikutosha. Alikuwa ameteleza kwenye maganda mabichi karibu na mashine ya kumenyea kahawa, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto, akafungwa hogo la plasta na kulala kitandani karibu mwezi mzima. Hogo lilitolewa majuzi tu. Halafu ghafla kikamjia kichomi upande wa kulia, kila akivuta pumzi kinachoma, na kikohozi kidogo kikavu.

Vitalis akahesabu pumzi: ishirini na sita kwa dakika. Presha ilikuwa nzuri. Mapigo ya moyo mia moja na kumi na nane. Homa kidogo mno, ile ambayo mama wa nyumbani angeiita joto la jikoni. Kile kifaa cha kubana kidoleni kikasema oksijeni themanini na tisa. Akasikiliza kifua mgongoni, juu ya gauni, akiwa amefumba macho, akasikia mikwaruzo michache chini kulia. Picha ya eksirei ilikuwa na kivuli kidogo pale pale. Hapo akashukuru Mungu. Nimonia. Akatoka na kulifunga pazia bila kugusa blanketi.

Daktari Walburga akamtaka apime ukali wa hiyo nimonia. Vitalis akatiririka kama mtoto anayesoma katekisimu: mgonjwa hajachanganyikiwa, pumzi hazijafika thelathini, presha haijashuka, umri hamsini na nane, haujafika sitini na tano. Majibu ya yurea bado hayajatoka maabara, kwa hiyo anahesabu hayo manne. Jumla sifuri. Nimonia nyepesi, anaweza kwenda nyumbani na vidonge vya amoksilini.

"Na oksijeni yake?"

Vitalis akakiri kwamba alama zile haziihesabu oksijeni, na kwamba mtu wa themanini na tisa haruhusiwi kwenda popote, hata akiwa na sifuri. Alazwe, apewe oksijeni.

"Haya, umerudi njiani. Sasa niambie: nimonia nyepesi kiasi hicho, homa ya kutafuta kwa tochi, mbona moyo unakimbia hivyo na hewa haitoshi?"

Alijua. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alijua hata kabla hajaulizwa. Mtu aliyelala na hogo wiki kadhaa, kichomi cha ghafla, kifua kisicho na makelele mengi. Lakini njia ya jibu ilipitia chini ya blanketi lile. Akasema labda ni homa inayopandisha mapigo.

Daktari akamtazama juu ya miwani. "Miguu umeiangalia?"

"Nimeiangalia, daktari. Yote miwili. Haina uvimbe."

Kalamu ya daktari ikaanza kuandika. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, dhaifu, ikikatika kwa pumzi, lakini kali.

"Daktari. Huyo hajaiona miguu yangu. Ni mkwe wangu. Hajaiona, wala sitaki isemwe kaiona."

Muuguzi aliyekuwa anakunja mashuka akaacha kukunja. Mgonjwa wa kitanda jirani akajiinua kwa kiwiko asikie vizuri.

Daktari Walburga aliingia ndani ya pazia, akamwomba mama ruhusa kwa sauti ya chini, akafunua. Kisha akamwita Vitalis.

"Njoo. Pima."

Aliipima. Alipiga goti, utepe ukimponyoka, na Mama Gertruda akajifunika uso kwa kitenge chake cha njano. Shavu la mguu wa kushoto lilizidi la kulia kwa sentimita nne. Lilikuwa na joto, na alipolibonyeza kidogo, mama akavuta pumzi kwa maumivu.

"Hesabu," akasema daktari.

Akahesabu akiangalia sakafu. Dalili za damu kuganda mguuni, alama tatu. Mapigo kupita mia, moja na nusu. Kulala na hogo ndani ya wiki nne, moja na nusu. Na hakuna ugonjwa mwingine unaoelekea zaidi ya huu, tatu. Tisa. Kupita sita tayari ni hatari kubwa. Bonge la damu limetoka mguuni, likaziba mshipa wa pafu, na kile kivuli cha eksirei ni kidonda lilichokiacha. Kwa alama hizo hakungojwi kipimo. Ukishahakikisha havuji damu mahali, sindano ya kuzuia damu isigande inaanza sasa hivi, na picha ya mashine kubwa itafuata kwenye hospitali kubwa atakakopelekwa.

Kila neno lilikuwa sahihi. Hilo likamwumiza zaidi.

Daktari alikwisha kumwagiza muuguzi oksijeni na sindano, na gari la wagonjwa. Ndipo akamgeukia Vitalis. "Kutofunua, ningekukata alama ukaenda zako. Ungesema ni mkweo, ningekupa kitanda kingine, wala asingekucheka mtu. Lakini umesema umeona. Huyu tungemtibu nimonia mpaka tumzike." Akachora mstari kwenye karatasi. "Utarudia."

Gari lilipokuwa tayari ilikosekana mikono ya kubeba machela. Vitalis akaitwa, akashika upande wa miguu kwa sababu wa kichwani ulikuwa umeshikwa. Jacqueline alikuja mbio kutoka jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, kibuyu cha uji bado mkononi. Muuguzi alikuwa amekwisha kumwambia.

"Uliogopa kumwangalia mama?"

"Niliona aibu."

"Halafu ukasema umemwangalia."

Jacqueline akapanda garini, akaketi karibu na mtungi wa oksijeni, akavuta mlango mwenyewe.

Siku kadhaa baadaye ilikuja simu ya Jacqueline, fupi. Mama anapumua bila mtungi. Mguu unapungua. Kuhusu harusi hakugusia, na Vitalis hakuthubutu kuuliza. Kabla ya kukata Jacqueline akasema kwamba mama ana swali: anataka kujua mtihani utarudiwa lini, na kama mgonjwa atakuwa mtu mwingine.