Hii "Tu" Ni Nani na Nani?

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi benki, na watu wa benki wana ugonjwa mmoja: kila kitu lazima kiwe na mwenyewe. Aliusoma wasifu wangu wa kazi akiwa amesimama jikoni kwangu, kijiko kiko mdomoni. Alipofika mstari wa tatu akacheka.

"Shangazi, hii 'tu' ni nani na nani?"

"Tu gani?"

"Sikiliza. 'Tulihamisha katalogi ya kadi kwenda kwenye kompyuta. Tuliskani majalada ya wanafunzi. Tulitayarisha jedwali la nyaraka za kutunzwa na za kuteketezwa.' Kazi unaomba wewe, au unaomba na ukoo mzima?"

Nikamwambia amalize chakula chake, mdomo haufanyi kazi mbili.

"Sikutanii, shangazi. Andika 'nili'. Usaili si mahali pa adabu. Wenzako wataandika 'niliongoza', 'nilibuni', 'nilisimamia', hata kama walikuwa wanashika mlango."

Alisema kweli, na mimi mtu akisema kweli nyumbani kwangu hunikera zaidi kuliko akisema uongo. Nafasi ilikuwa moja. Chuo chetu kilikuwa kinafunga masijala na chumba cha nyaraka, kila kitu kinapelekwa kwenye kituo kikuu kipya cha kumbukumbu upande wa pili wa mji. Majalada yangu yangekwenda yote. Mimi ningekwenda nayo endapo ningeshinda usaili. Nikishindwa, barua ilishasema: idara ya usafiri, kugawa funguo za magari. Watu wengine wangesema funguo nazo ni kumbukumbu. Waseme wao.

Basi niwaeleze hiyo "tu".

Tulikuwa wawili kule chini, kwenye chumba cha ghorofa ya chini ya ardhi ambako mlango unafunguliwa kwa bega. Mwenzangu nilimwita Gundi, kwa sababu alikuwa mtu wa kuunga vitabu vilivyokatika migongo na vidole vyake havikuacha kunata. Yeye aliniita Kabati. Alisema nimejaa vitu lakini siku zote nimefungwa.

Kadi za katalogi tuliziingiza kwenye kompyuta pamoja, droo kwa droo. Kazi hiyo mtu akiisikia huona ni kunakili. Hajui kwamba mwandishi mmoja anaweza kuwa na majina matatu kwenye vitabu vitatu, na ni lazima uamue lipi liwe jina kuu, na hayo mengine yamwelekeze msomaji: tazama huko. Tuligombana kwa ajili ya mwandishi mmoja mpaka tukanuniana mchana kutwa. Gundi alishinda. Alikuwa na haki, lakini sikumwambia.

Halafu ikaja kuskani. Yeye akichomoa pini zenye kutu na kunyoosha kurasa zilizokunjamana, mimi nikiwa kwenye mashine. Macho yakichoka, tunabadilishana. Kila ukurasa una nakala mbili: nakala mama, kubwa, isiyoguswa na mtu, na nakala nyepesi ya kusomea. Mmoja anaskani, mwingine anakagua kama ukurasa umekaa sawa na kama jina la faili linalingana na namba ya jalada. Hakuna anayekagua kazi yake mwenyewe, kwa sababu jicho humsamehe mwenyewe. Sasa niambieni, kazi kama hiyo unaiandikaje kwa "nili"?

Kisha Gundi akahamishiwa makao makuu. Aliahidi atakuwa anapita kunitazama. Alipita mara moja, akaja na mkoba mpya, akakaa pembeni ya kiti kama mgeni. Baada ya hapo ilikuwa ni salamu za kutumwa, na baada ya salamu za kutumwa, kimya. Mimi sikumpigia. Anayeondoka ndiye anayepaswa kuuliza hali, mimi nilikuwa palepale, hakuna wa kunitafuta akanikosa.

Hawakuniletea mtu mwingine. Nikawa ninaskani mwenyewe na kukagua mwenyewe. Nikawa ninaongea na mashine, na mashine hiyo ilikuwa na tabia mbaya ya kulia "pii" kila nilipofika sehemu tamu. Wanafunzi wapya nikawafundisha mwenyewe, kila muhula: jinsi ya kutafuta kwenye katalogi, jinsi ya kujaza kipande cha kuomba jalada, kwamba huku ndani tunatumia penseli, kalamu zinabaki nje. Kwamba jalada linarudishwa katika mpangilio wake uleule, hata ukiona wewe ungelipanga vizuri zaidi, kwa sababu mpangilio ni sehemu ya habari yenyewe. "Huku kwetu tunafanya hivi," nilikuwa nawaambia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kugeuka kutafuta huyo mwingine yuko wapi.

Sikubadilisha kitu kwenye wasifu. Nilimwambia mtoto wa kaka nimebadilisha.

Siku ya usaili nilifika mapema na viatu vinavyobana. Chumba kilikuwa kipya, kinanuka rangi. Mezani walikuwa watu watatu: mwenyekiti, mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kifuani; ofisa utumishi, mama mnene mwenye sura ya huruma; na wa tatu, mtaalamu wa kumbukumbu, ambaye walieleza kwamba ameletwa jana kutoka makao makuu kwa kuwa yule aliyepangwa ameugua.

Mtaalamu alikuwa Gundi.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nasema wazi, maana nimechoka kujifanya. Nusura nimwite kwa lile jina lake mbele za watu. Mdomo ulishafunguka.

"Kabla hatujaanza," alisema mwenyekiti, "utaratibu. Kuna mjumbe yeyote anayemfahamu mwombaji, au aliyewahi kufanya naye kazi? Kama yupo, atupishe."

Ofisa utumishi akasema hapana.

Gundi alikuwa anatazama karatasi zake. "Hapana," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari. Nikafunga mdomo wangu. Sijui niliketi vipi.

Waliuliza maswali, nikajibu. Nyaraka zenye ukungu unazifanyaje? Nazitenga na nyingine kwanza, kabla hata ya kufikiria kuzisafisha. Jalada lipi linateketezwa? Lile ambalo muda wake kwenye jedwali umekwisha na aliyeidhinishwa ametia saini, si lile linalojaza nafasi. Ofisa utumishi alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Gundi naye aliniuliza swali kuhusu nakala mama zihifadhiwe wapi, akaniita "mama". Nikamjibu: mahali pawili tofauti, ili hapa pakiungua, pale pabaki. Tulikuwa tumelijibu swali hilo pamoja, tukiwa tumekaa sakafuni, tukicheka.

Kisha mwenyekiti akavaa miwani yake.

"Mama, wasifu wako mzuri, ila una jambo linanitatiza. Kila mahali 'tuli', 'tuli'. 'Tulibuni namna ya kuyapa mafaili majina. Tuliskani.' Hapa tunaajiri mtu mmoja. Hii 'tu' ni nani na nani?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Ningesema ni mazoea ya lugha. Ningesema ni idara. Mtoto wa kaka yangu angekuwepo angenikanyaga mguu chini ya meza.

Lakini kazi yangu yote ni kutaja kitu kimetoka wapi. Karatasi isiyojulikana asili yake, kwetu sisi, haina maana hata ikiwa na muhuri wa dhahabu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba iliniuma. Nilikuwa nimemweka kwenye kila mstari, na yeye ameniondoa kwa neno moja.

"Ni mimi na huyo," nikasema, nikamwonyesha kwa kidevu.

Ofisa utumishi aliacha kutikisa kichwa. Mwenyekiti alimgeukia Gundi, akamtazama tu. Gundi alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikae sawa, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akasimama. Wakaniomba nami nisubiri nje kidogo.

Kwenye ujia alinishika mkono juu ya kiwiko, akaniburuta hadi dirishani.

"Una akili wewe?"

"Ulisema hunijui."

"Nilisema ili nibaki ndani, Kabati! Mwenyekiti ana mtu wake kati ya waombaji, kijana mmoja wa kompyuta. Yule mama alikuwa anayumba, hukumwona? Alikuwa anakuja upande wetu. Kura yangu na yake zingekutosha. Sasa nani atakusemea mle ndani?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Jina lako nimeliona jana jioni. Na namba yako umebadilisha."

"Sijabadilisha namba."

Akaniachia mkono. Alitazama nje, kwenye maegesho, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Basi mimi ndiye niliyeipoteza," akasema.

Nilitaka kumtajia pale pale, aiandike. Namba ilikuwa ulimini. Lakini hakutoa simu, na mimi siwezi kumlazimisha mtu kunihitaji. Akasema atalazimika kuandika maelezo huko makao makuu. Akasema nijitunze. Mlango wa ngazi ulimpokea, nikasikia viatu vyake mpaka vikaisha.

Nikaitwa ndani. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Ofisa utumishi sasa hakunitazama usoni, na mwenyekiti alikuwa mpole, upole ule wa mtu ambaye amekwisha kuamua.

"Tumalizie, mama, kwa ajili ya jalada," alisema. "Ukurasa wa pili. 'Tuliwafundisha watumiaji wapya kila mwanzo wa muhula. Tulipokea nyaraka za idara zilizofungwa. Tuliendeleza kuskani.' Hapa pia ni wewe na huyo aliyetoka?"

"Hapana. Hapo alikuwa ameshahama."

"Basi na nani?"

Nilifikiri. Nilijaribu kwa dhati kumpata mtu. Nilimpitia mfagizi, nikampitia fundi wa mashine ambaye alikuwa akija, akifungua, akifunga, akiondoka.

"Peke yangu," nikasema.

"Basi rekebisha, nakala itakayobaki kwetu iwe sahihi."

Alinisogezea karatasi na kalamu. Kalamu sikuichukua, nilitoa penseli yangu. Nikakata "tu" ya kwanza, nikaandika "ni" juu yake. Nikakata ya pili. Walinisubiri, nami nikaendelea kukata, mstari baada ya mstari, mpaka mkono ukachoka. Sikuwahi kujua ukurasa ule ulikuwa mrefu namna ile.