Safari ya Kampene kwa Vifungu Tisini

Mwalimu Célestin Kanyinda wa Alunguli aliamini mambo mawili juu yake mwenyewe: kwamba anajua kufundisha Kifaransa na kwamba anajua kutunga hadithi. La kwanza wanafunzi walilitilia shaka mapema. La pili lilichukua zaidi ya miaka ishirini kuporomoka.

Mwaka 2002, vita vilipowafungia watu majumbani, nyumba yake ilijaa majirani. Miongoni mwao alikuwamo Emerance, binti wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa amekwisha kusoma kila karatasi ya mule ndani, hata ratiba ya treni isiyokuja. Mwalimu akamwonea huruma. Akachukua daftari, akaanza kutunga hadithi ambayo msomaji ndiye msafiri, anatoka Alunguli kwenda Kampene. Kila kifungu kilikuwa na namba, na mwishoni mwake msomaji alichagua: ukipita porini, soma kifungu cha 14, ukifuata barabara, soma cha 37. Namba alizichanganya makusudi, ili mtu asichungulie mbele.

Emerance alirudisha daftari kabla chai haijapoa.

"Mwalimu, nimekufa mara saba. Kufa iko mingi kule inje. Juu ya nini unaileta tena mu kaye?" akauliza, akiligonga daftari kwa kidole.

Mwalimu alinuna siku nzima, maana mamba aliyewameza wasafiri wake mtoni alimwona kazi ya sanaa. Kesho yake akachana ukurasa wa mamba. Njia zilizofungwa akazitungia upya: msafiri mmoja alichaguliwa chifu wa kijiji cha mbuzi, nao wakakataa kumwachia, mwingine aliomba maji nyumba ya watu, akajikuta ameoa, na mama mkwe akamkabidhi jembe. Kila aliyekwama aliondoka na siri moja, kwa mfano kwamba mvushaji wa mtoni anapenda karanga, kisha akarudi mwanzo akiwa mjanja zaidi.

Ikabaki shida ya kivuko. Njia nyingi zilirudi pale, na Emerance alizunguka mara tisa bila kutoka. Ndipo Mwalimu akaweka sheria: kila ukifika kivukoni, piga mstari kwenye karatasi, ukiwa na mistari mitatu, mvushaji anakutambua na kukuonyesha njia nyingine. Kelele za risasi zilikuwa zinasikika, lakini ndani watu walikuwa wanabishana kuhusu mbuzi.

Fahari yake ilikuwa kifungu cha 61. Humo msafiri anaingia Kampene kwa ngoma na vigelegele, kurasa mbili nzima. Msafiri huyo alivaa miwani na alijua Kifaransa sana. Mwalimu alipojisomea mwenyewe, alitokwa na machozi kidogo.

Mwaka huu Emerance, ambaye sasa ni mwalimu huko Kailo, alikuja kumwomba ruhusa ya kutoa fotokopi za daftari kwa wanafunzi wake. Alikuwa amechora karatasi kubwa: kila kifungu duara, kila chaguo mshale. Akaitandika mezani.

"Mwalimu, watu walikuwa wanaingia 61 kupitia wapi?"

Mwalimu akavaa miwani. Lile duara halikuwa na mshale hata mmoja unaoingia.

"Lakini wewe ulifika! Uliniambia ni kizuri."

"Nilifunua tu kurasa, Mwalimu. Nilikuwa nimechoka kuzunguka."

Mwalimu akamgeukia mkewe, Douce, aliyekuwa anachambua majani ya sombe mlangoni. "Nawe?"

"Mimi nilikaa na mbuzi, Baba Nestor. Walinichagua."

Miaka yote hiyo, kwenye harusi na matanga, Mwalimu alikuwa anasimulia jinsi mtaa mzima ulivyofika Kampene.

"Nilikusudia," alisema, akikohoa. "Ilikuwa falsafa. Amani, unajua, haifikiki..."

"Baba Nestor," alisema Douce.

Akainamia karatasi. Wakafuata mishale pamoja hadi kifungu cha 48, pale msafiri shujaa anapochagua vizuri kuliko wote. Chini yake mkono wa Mwalimu ulikuwa umeandika: soma cha 16. Alikuwa amegeuza tarakimu. Na 16 ndiyo ile ya mama mkwe. Kila aliyekuwa hodari kuliko wenzake alipewa jembe.

Emerance alicheka hadi akashika meza. Mwalimu alijaribu kukasirika, ikashindikana.

Alirekebisha namba. Kisha alisoma 61 kwa sauti mbele yao, na alipofika kwenye vigelegele vya mara ya nne akajisikia aibu, akakata kurasa mbili ikabaki mistari sita. Miwani ya msafiri nayo aliifuta.

Emerance alipoondoka na daftari, Mwalimu alianza kitabu cha pili. Safari hii alichora maduara yote kabla ya kuandika sentensi hata moja, akamwita Douce apite kila njia kwa kidole. Kidole kilikwenda, kikazunguka, kikasimama kwenye duara lisilo na mshale wa kutoka. Douce akamtazama.

"Hapo bado," alisema Mwalimu upesi, akachukua kalamu yake ya bic.