Siku ya Mapumziko ya Rasmus

Mpango wa mazoezi ulikuwa bado umebandikwa kwenye friji ya Tuva, kwa mwandiko wa marehemu kaka yake, Rasmus. Wiki kumi na mbili za kujiandaa kwa nusu marathoni ya kwanza. Jumatatu na Ijumaa kupumzika, Jumapili mbio ndefu, Jumamosi imeachwa wazi kufidia zoezi ulilokosa katikati ya wiki. Rasmus hakuvuka wiki ya tisa. Homa ilimkosesha mbio za Jumapili, naye akaona afidie Jumatatu, mwili ungali unachemka. Moyo ukasimama, akaanguka kando ya ziwa. Kukimbia na homa! Katika mji mzima wa Göteborg hata mtoto anajua haifai, lakini mpango ukishamkaa mtu kichwani, haambiliki.

Mwaka uliofuata, theluji ilipoyeyuka, Tuva akauanza mpango uleule. Tangu siku ya kwanza alisikia viatu nyuma yake, cha kushoto kikiburuta kidogo, kama cha Rasmus. Akigeuka, njia tupu. Mwanzoni aliogopa, kisha, jamani, akazoea. Sasa hofu yake ikawa nyingine: akikosa siku moja, asije akampoteza tena.

Wiki ya tisa koo likaanza kumwasha, na Jumapili akashinda kitandani na homa. Birgitta, mwalimu wa klabu yao ya mbio, akampigia simu.

"Mwanangu, ya leo imepita. Haifidiwi."

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi. Ukishapona kabisa, uanze polepole na yaliyobaki. Uliyokosa yasahau."

"Na kesho, mwalimu? Kidogo tu?"

"Kesho Jumatatu! Unataka niwazike wote wawili?"

Asubuhi Tuva akafunga kamba za viatu, akatoka hivyo hivyo akitetemeka. Akakimbia hatua chache kuelekea ziwani, akasikiliza. Kimya. Akakimbia tena. Hakusikia ila kifua chake mwenyewe kikikoroma.

"Rasmus! Siku zote unanifuata, leo umeniachia nani?"

Hakuna kitu. Ndipo akaelewa: leo ni Jumatatu. Yule aliyekufa kwa kukataa kupumzika alikuwa amepumzika. Tuva akalia palepale njiani, akarudi kulala.

Alipopona, alitoka taratibu, bila kufidia chochote. Viatu vikaanza tena kusikika nyuma yake.

Siku ya mashindano, katikati ya vishindo vya maelfu ya watu, bado alikisikia kile kiatu kimoja kikiburuta. Karibu na mstari wa mwisho, Tuva akasimama.

"Dada, maliza! Umeshafika!" watu wakapiga kelele.

Akasogea pembeni. "Pita, kaka. Wewe ndiye uliyeanza."

Kiatu kikampita kikiburuta, kikavuka mstari. Naye akafuata.

Birgitta akamkumbatia. "Kichaa wewe! Ulisimama kwa nini?"

Tuva akageuka kutazama nyuma. Alikuwa akisikiliza. Wakimbiaji walizidi kumiminika nyuma yake, na hapakuwa na kiatu hata kimoja kilichoburuta.