Kijani cha Jikoni Ainabkoi

Nangila alikuwa mtu wa kuuliza, na kuuliza si ujinga. Mteja akimwambia anataka kijani, yeye alitaka kujua kijani gani, saa ngapi ya siku, chini ya taa ipi. Kazi yake pale Eldoret ilikuwa kupanga vyumba vya watu. Kabla fundi hajashika brashi, aliiandikia kompyuta maneno, nayo ikamchorea picha za chumba kikiwa kimekwisha.

Safari hii chumba kilikuwa cha Mama Waiyego. Bintiye Muthoni, mwenye duka la jumla, alikuwa amemleta mjini kutoka Ainabkoi baada ya uzee kuanza kumla kumbukumbu. Kila jioni mama alijitanda leso, akabeba kiondo chake, akasimama langoni: anaenda kwake. Muthoni alikuwa amechoka kumdanganya kwamba gari limeshapita. Aliomba kitu kimoja tu, chumba chenye rangi ya jikoni la zamani, labda mama atatulia. Akaleta na kipande cha plasta alichokibandua kwenye ukuta wa jikoni hilo.

Picha za kwanza, moja kwa kila upande wa chumba, zilikuwa aibu. Nangila aliandika "kijani hafifu" akaona imetosha. Ukutani mwa mlango kikatoka kijani cha parachichi, dirishani cha majani ya chai, kitandani cha mapazia ya hospitali. Mama akaonyeshwa zote.

"Hizi nyumba tatu ni za nani?" akauliza kwa adabu zake.

Nangila alicheka, lakini lilimkera. Mzee wa watu alikuwa amesema kweli. Akapeleka plasta kwenye duka la rangi, mashine ikaisoma na kutoa namba ya rangi yake. Kisha akakaa na sentensi yake: kijani chenye kijivu, kinachoelekea manjano wala si buluu, si kizito, si cheupe, kilichopoa, kisichong'aa, mwanga wa mchana wenye mawingu, taa zimezimwa. Namba aliiongeza mwishoni, ingawa alijua kompyuta huichukua kama ushauri tu. Sentensi hiyo hakuigusa tena hata koma, akaibandika vilevile kwa kila pembe ya chumba. Kila picha aliipima rangi ya ukuta mbali na vivuli, na iliyopotoka akaitupa. Alitupa nyingi. Hatimaye mlangoni, dirishani na kitandani pakawa na ukuta mmoja.

Duka la rangi likamchanganyia rangi ya namba hiyo. Akaupaka ubao mara mbili, akangoja ukauke kabisa, maana rangi mbichi ni mwongo, halafu akauweka dirishani kando ya plasta. Macho yake hayakuona tofauti. Alifurahi kama mtoto.

Mama Waiyego aliuangalia ubao kwa muda. "Rangi nzuri," akasema. "Ya nani?" Na jioni akachukua kiondo chake kama kawaida.

Muthoni alilia waziwazi, bila kujificha. Nangila alihisi vibaya, ila udadisi ulimshika kuliko huzuni: kitu kinafanana kabisa, mbona si chenyewe? Akakigeuzageuza kile kipande cha plasta mkononi.

"Mama Kim," akamwita Muthoni kwa jina la mwanawe, "hilo jikoni lilikuwa la gesi ama kuni?"

"Kuni! Tangu nizaliwe. Gesi ililetwa juzi, mama akakataa hata kuigusa."

"Sasa moshi uko wapi hapa?"

Muthoni akapangusa machozi, akashangaa swali lenyewe. "Si niliiosha? Niliisugua na steel wire ya sufuria na sabuni mpaka ikang'ara. Ningekuletea masizi kwa ofisi, kweli, Nangila?"

Nangila alimtazama, kisha wote wawili wakaangua kicheko. Huyo ni mwanamke aliyelelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyowaponza.

Muthoni akarudi Ainabkoi, akabandua kipande kingine, akakifunga kwenye gazeti bila kukipangusa. Mashine ikakisoma upya. Nangila akaigusa sentensi pale palipohitajika tu: manjano yakawa kahawia ya chai ya rangi, uzito ukapanda kidogo, namba ikabadilishwa. Mwanga na mengine yote yakabaki. Picha zikakubaliana, na ubao mpya ulipokauka ukakubaliana na plasta. Rangi yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Hakuna mteja ambaye angeichagua.

Jioni walimkuta mama langoni. Muthoni akamshika mkono, akamwingiza chumbani, ambamo Nangila alikuwa ameuegemeza ubao ukutani. Mama alisimama. Akausogelea, akapitisha kiganja juu yake taratibu, halafu akavitazama vidole vyake kuona kama vimechafuka.

"Nani amewacha moto uzime?" akafoka.

Akaweka kiondo chini, akafungua leso, akaanza kutafuta kuni.