Kipimo Hakijui Tarehe

Shangazi Shamsa aliingia kwenye chumba changu cha ushauri pale zahanati ya Mkuyuni ameshika majibu ya mtu mwingine, na hapo hapo damu ikanichemka. Yalikuwa majibu ya Fadhila, mchumba wa mpwa wake Bashiru. Wachumba walipima pamoja kabla ya ndoa, wakaonyeshana, Bashiru akampelekea shangazi. Sasa wote wawili waliingia nyuma yake.

"Fadhila, huyu akae au atoke?" nikauliza.

"Akae tu, sista. Ameshasoma."

Shangazi hakungoja. "Hepesi aina ya pili, ugonjwa wa sehemu za siri. Bashiru hana. Na mwaka mzima mwanangu alikuwa Ukerewe kikazi. Sasa kaupata wapi kama si huko kuzurura? Posa tunavunja leo."

Fadhila alilia. "Sijawahi hata kutoka kipele."

"Wengi hawatoki," nikamwambia. Kipimo hiki mara nyingine hudanganya, hasa namba iliyoandikwa kwenye majibu ikiwa ndogo, kwa hiyo niliagiza damu yake irudiwe kwa njia nyingine. Wiki iliyofuata wakarudi wote watatu, na majibu yalikuwa yaleyale. Sikumficha: kirusi anacho, kimejificha mwilini, na kinaweza kumfikia mwenzake hata bila kidonda.

Shangazi akatabasamu. Loo, lile tabasamu liliniudhi.

"Mama, nisikilize vizuri," nikasema. "Kilichoonekana humu ni kingamwili, kinga ambayo mwili uliitengeneza baada ya kirusi kuingia. Hudumu miaka na miaka. Kipimo hakijui kama kiliingia mwaka huu au miaka kumi iliyopita, wala nani alikileta."

"Nilikuwa na mtu kabla ya Bashiru," Fadhila akasema. "Bashiru anajua, nilimwambia mapema."

Bashiru akainua kichwa. "Sista, kwa hiyo unathibitisha kwamba hakunisaliti?"

Natamani ningesema ndiyo. Roho iliniuma kweli. "Siwezi. Karatasi hii haimtii hatiani wala haimsafishi."

"Hakuna kipimo kingine? Hata cha Dar?"

"Cha kutaja tarehe hakuna, kaka. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe."

Hakuuliza. Fadhila ndiye aliyemgeukia. "Sikukusaliti, Bashiru. Sina cha kukuonyesha. Unaniamini?"

Lilikuwa swali la neno moja tu. Bashiru akamtazama shangazi yake.

Mimi niliona, na Fadhila aliona. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akavuta kiti chake mpaka mezani kwangu, akawapa mgongo wote wawili.

"Sista, nielekeze," akasema. "Dawa, kondomu, na siku nikipata mimba nimwambie nini mkunga. Nielekeze mimi peke yangu. Hawa wanaondoka."

Nikainuka, nikawafungulia mlango.