Mto wa Marinda

Fundi Akoru wa Kakuma hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Alipofika Lodwar kumwona mjukuu wake wa kwanza, hata maji hakunywa. Alifungua furushi akatandaza kazi ya wiki mbili: mto mdogo wenye marinda, blanketi nene, na vitambaa vilivyojazwa sponji vya kuzungushia kitanda. Kila kimoja kilitariziwa jina Ekeno.

"Ni maridadi, Mama," alisema binti yake Christine. "Lakini Ekeno hatalalia hizi."

Akamwonyesha kitanda kidogo kando ya kitanda chake. Kilikuwa na godoro gumu, shuka moja iliyobanwa pembeni na neti juu. Basi.

"Hii ni kitanda ama rafu ya duka?" Akoru aliuliza.

"Nesi alisema alale mgongo kila wakati, hata mchana. Hakuna mto, hakuna kitu laini. Blanketi na hii joto ya Lodwar ni ya nini? Na alale chumba yangu, kwa kitanda yake mwenyewe, angalau miezi sita."

"Akitapika? Si atapaliwa!"

"Hapana. Akilala mgongo, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula. Maziwa inarudi tu chini."

"Wewe nilikulaza tumbo, na uko hapa unanifundisha."

"Na wale walilazwa tumbo wakakosa kuamka, Mama, nani aliwauliza?"

Akoru alinuna hadi jioni. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema mama akifunzwa na mwanawe afanyeje. Lakini hakuthubutu kugomba sana. Likizo ya Christine ingeisha baada ya miezi miwili, naye alikuwa bado anaamua amwachie mtoto nani: mama yake au dada wa kazi. Akoru alimtaka mjukuu huyo kuliko cherehani yake.

"Nikikuachia, utamlaza venye nimesema?"

"Nitamlaza," alijibu, mdomo ukiwa umepinda.

Siku ya nne Christine alienda sokoni asubuhi. Ekeno akalia. Akoru alimbeba, akamwimbia, akamtembeza ua mzima, wapi! Mwishowe alimlaza kifudifudi kwenye kitanda alicholalia yeye mwenyewe, kichwa juu ya mto wa marinda. Mtoto akanyamaza papo hapo.

"Unaona?" Akoru aliuambia ukuta, akaenda kuchemsha chai.

Alirudi na kikombe, akakuta kimya asichokipenda. Uso wa Ekeno ulikuwa umezama kwenye ule mto, pua haionekani. Kikombe kilianguka. Alimnyanyua, na kwa muda wa pumzi moja, mrefu kuliko yote maishani mwa Akoru, mtoto hakutoa sauti. Kisha akapiga yowe, uso umeiva kwa hasira. Akoru hakuwahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Hakuna aliyeona. Ekeno hangeweza kusema. Angekaa kimya tu, na mjukuu angekuwa wake kila siku kuanzia asubuhi.

Christine alipofungua lango, Akoru alimwambia yote kabla hajaweka kikapu chini. Alisema mpaka habari ya chai.

Christine alimchukua mtoto, wakaenda kliniki wote watatu. Nesi alimpima Ekeno kwa makini, akasema yu mzima. Njiani kurudi Christine alimbeba mwenyewe.

Nyumbani Akoru aliketi ukingoni mwa kitanda akautazama mto wake. Kisha akakumbuka kwamba huko Kakuma alishawashonea wateja watatu mto kama huo huo. Akashika simu.

"Nyawal, ejok, hujambo? Ni fundi Akoru. Mtoto amelala aje?"

"Tumbo, mama, na ile mto yako. Analala vizuri sana!"

"Mgeuze mgongo. Toa mto, toa blanketi."

"Lakini ni kazi yako nzuri..."

"Kazi yangu ni mbaya, Nyawal. Leo karibu iniulie mjukuu. Enda sasa hivi, mimi nangoja."

Akasikia ndala zikikokota sakafuni. Akangoja, macho amefumba. Halafu simuni kikaja kilio cha mtoto aliyeamshwa.

"Amekasirika," Nyawal alisema.

"Wacha akasirike. Asante, mwanangu."

Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Alipoishusha simu, Christine alikuwa mlangoni na Ekeno begani, mtoto akipiga miayo. Akoru hakujua amesimama pale tangu lini.

"Amechoka," Christine alisema, akampokeza mtoto. "Mlaze, Mama."

Akoru alimlaza chali kwenye ile rafu ya duka, akachomeka neti chini ya godoro pande zote. Kisha akavuta kigoda, akaketi kumsikiliza akipumua.