Mbawa Upande wa Ndani

Mbawa zilikuwa zimenata upande wa ndani wa kioo. Niligusa kwanza ndipo nikaamini. Dirisha la bibi lilikuwa limefungwa tangu mvua ya kwanza ianze asubuhi, na mlango pia.

"Kumbikumbi hao wamefuata taa," alisema mjomba, randa mkononi. Ni seremala, na karakana yake imeshikana na chumba cha bibi.

Ulikuwa mchana, taa haikuwa imewashwa. Sikumwambia. Maneno hunikwama kooni, ndiyo maana wananiita Bubu.

Mpuliza dawa ya wadudu aliyeitwa na mjomba alikuta kumbikumbi wa uani wameshajikatia mbawa, wanatembea wawili wawili, jike mbele, dume nyuma.

"Wapige wote waishe," mjomba alisema.

"Hao maharusi tu, fundi. Wanangoja mvua ardhi ilainike wajichimbie, na hewa iwe na unyevu wasikauke. Wa vichuguu vingi hutoka kwa pamoja, jike wa huku akutane na dume wa kule, na kuku wako hata ashibe vipi hawamalizi. Wawili wakijifungia shimoni, wanalea watoto wa kwanza wenyewe. Mpaka kundi lao nalo litoe wenye mbawa, ni miaka."

"Basi shida iko wapi?"

"Kama wametokea ndani. Hapo ujue kichuguu kiko chini yenu, na ni cha zamani."

"Ndani hakuna kichuguu. Mbao za humo nimepaka dawa mwenyewe."

"Na mimi sihami," bibi alisema kitandani, walipoingia chumbani kwake. "Chumba hiki marehemu alikijenga kwa mikono yake."

Walitoka wakibishana. Nikawavuta kwa macho, wala hawakuniona. Basi nikageuza ufagio, nikasukuma mpini chini ya mwimo wa mlango. Ukazama wote hadi kiganjani. Mchwa wenye vichwa vikubwa wakamiminika, na katikati yao kumbikumbi mmoja, mbawa zake nzima.

"Loo! Bubu kasema," alisema mpuliza dawa, akigeuka na kurudi mlangoni, lakini hakuna aliyecheka.

Walivunja sakafu pembeni. Chini yake hapakuwa na kokoto. Babu, naye seremala, alikuwa amejaza mabaki ya mbao ili asiyatupe, kisha akamwaga zege nyembamba juu. Mjomba alichuchumaa, akaokota kipande, kikavunjikia mkononi.

"Mzee," alisema taratibu, "umewalisha mwenyewe."

Boriti iliyo juu ya kitanda ilikuwa imebaki ganda tu. Bibi alihamia chumbani kwangu siku hiyohiyo, na chumba kikabomolewa kabla ya wiki kwisha. Hakulia. Alisimama mbele ya kifusi, akanishika mkono.

"Ungechelewa kidogo tu, mjukuu wangu, kingeniangukia. Una jicho."

Nikainama.

Bibi, nilichelewa. Mvua za mwaka jana nilizikuta mbawa kwenye shuka lako, dirisha likiwa limefungwa vilevile. Nilizifagia nikazitupa mbali, kwa sababu niliogopa watakutoa kwenye chumba cha babu. Pengine mwaka jana kingeweza kuokolewa.